Kutafsiri ajenda na makabrasha ya bodi: saa ngapi, kipi kinaanza, na mwisho wa siku tunaamua nini

Kabrasha la bodi likikufikia kwa Kiingereza, kurasa thelathini na kitu, na wewe ndo umeambiwa uliweke kwa Kiswahili kabla ya Ijumaa, wengi wetu tunaanza ukurasa wa kwanza sentensi ya kwanza tunashuka nayo mpaka mwisho. Kiswahili kinatoka kizuri tu, sarufi iko sawa, halafu siku ya kikao unakuta mjumbe mmoja kaingia saa nzima kabla, mwingine anadhani ununuzi wa gari unajadiliwa tu kumbe leo ndo unapitishwa, na katibu anaanza kusoma taarifa ya fedha neno kwa neno wakati jambo lilipewa dakika 15. Mjumbe haisomi ajenda kama habari, anaisoma ajue yeye anatakiwa kufanya nini na lini, kwa hiyo tafsiri inayompa maana ya maneno bila kumpa hicho haijamsaidia.

Tuchukue mfano wa kubuni ila wa aina inayotokea kila siku. Asasi ya afya ya jamii Tanga, bodi ina wajumbe tisa, saba wako Tanzania, mmoja London, mmoja Marekani. Mweka hazina ni yule wa London na yeye ndo kaandika ajenda. Kikao ni Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, kinaanza saa tatu asubuhi kwa saa ya London na kinachukua saa mbili. Mambo ni tisa, na kila jambo lina waraka wake.

Tuanze na saa maana hapo ndo pana ajali nyingi. Mwezi wa sita London wako kwenye saa zao za kiangazi, kwa hiyo tofauti na sisi ni saa mbili, sio tatu. Saa zao wanazirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na wanazisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, maana yake ajenda ya kikao cha Desemba ukiinakili kutoka ile ya Juni bila kuangalia umeshakosea saa moja. Kwa hapa, saa tatu asubuhi ya London ni saa tano asubuhi ya Tanga. Simu ya mjumbe itaonyesha 11:00, na mwaliko wa Zoom utaonyesha hivyohivyo. Sasa mtafsiri mwenye haraka anaandika "Saa 11:00 asubuhi" kwa sababu ndicho alichokiona kwenye kioo, na kwa Kiswahili saa kumi na moja asubuhi ni alfajiri, watu wanajiandaa kuswali. Mwenye busara ataelewa ni kosa, ila mwingine atafikiria labda ni saa kumi na moja jioni, akapanga shughuli zake za mchana vizuri kabisa halafu akakosa kikao.

Andika hivi: "Alhamisi 12 Juni 2025, saa 5:00 asubuhi kwa saa za Tanzania (kwenye simu itasomeka 11:00)". Hayo maneno ya kwenye mabano yanaonekana ya kitoto lakini yanamwokoa mtu anayelinganisha ajenda na mwaliko. Na ukishachagua saa za Kiswahili zitumie kabrasha zima, usichanganye ukurasa huu saa 5 ukurasa ule 11:00, maana msomaji hana namna ya kujua umebadilisha mfumo.

Mwisho wa kutuma maoni nao uangalie kwa jicho hilohilo. Waraka wa London unasema maoni yawe yamefika Alhamisi tarehe 5 Juni, saa kumi na moja jioni ya kwao. Kwetu ni saa moja usiku. Halafu kuna kile kihusishi cha Kiingereza "by" ambacho sisi tunakigeuza haraka "kabla ya tarehe 5", na hapo umemnyang'anya mjumbe siku nzima, kwa sababu kabla ya tarehe 5 ni mwisho tarehe 4. Sema "mwisho wa kupokea maoni ni Alhamisi 5 Juni, saa 1:00 usiku". Kama mwisho ungekuwa dakika moja kabla ya saa sita usiku, ningeandika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", kwa sababu kuna wazee wa pwani ambao ukiwaambia usiku wa Ijumaa wanaelewa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wengine wanaelewa ni ule unaofuata, na wote wako sahihi kwa mazoea yao.

Baada ya saa njoo kwenye mpangilio. Ajenda nyingi za Kiingereza zinaanza moja kwa moja na udhuru wa wasiokuwepo. Za kwetu zinaanza na dua au sala, utambulisho, kisha mwenyekiti anafungua. Mtafsiri anayewajua watu wake anaongeza "1. Dua na utambulisho" juu kabisa, jambo la heshima kabisa, lakini jambo la kununua gari lililokuwa namba 5 sasa ni namba 6, na waraka wa gari bado umeandikwa juu yake "Waraka wa 5", na ndani ya waraka wa fedha kuna sentensi inasema "tazama jambo la 5". Mjumbe wa London anasema tuko kwenye namba tano, wa Tanga wanafungua taarifa ya fedha. Dawa ni rahisi: dua iweke kwenye jambo la 1 pamoja na kufungua kikao, au iandike juu bila namba, ila namba za lugha zote mbili zibaki sawasawa mpaka mwisho. Na majina ya mafaili yafuate namba hizohizo.

Neno ajenda lenyewe lina mtego wake. Kwetu ajenda ni orodha nzima na pia ni kila jambo lililomo, tunasema "ajenda ya tatu". Kwenye orodha ya Kiingereza karibu mwanzoni kuna kipengele cha bodi kukubali orodha yenyewe, yaani kuuliza kama kuna la kuongeza au kusogeza. Ukikitafsiri "Kupitisha ajenda" kuna mtu atakuja kusema baadaye, mbona tulishapitisha ajenda asubuhi, gari si lilikuwa humo? Andika "Kukubaliana na orodha na mpangilio wa mambo ya leo". Ni ndefu, ila haimpi mtu nafasi ya ubishi.

Neno lingine ni muhtasari. Tanzania muhtasari wa kikao ni yale maandishi ya nini kilisemwa na kuamuliwa, Kenya wengi wanaita kumbukumbu. Lakini kila waraka kwenye kabrasha nao una aya ya juu ya ufupisho, na ukiiita hiyo pia muhtasari, basi "wajumbe wasome muhtasari" inakuwa kitendawili. Aya ya juu mimi naiita "Kwa ufupi", muhtasari unabaki wa kikao tu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe hasa, uamuzi. Kiingereza cha bodi kinaficha maagizo kwenye kitenzi kimoja kidogo pembeni ya kila jambo, na vitenzi hivyo vina ngazi. Kuna jambo linaletwa ili mjue tu, hakuna kura hakuna azimio. Kuna linaloletwa mtoe maoni lakini uamuzi ni kikao kijacho. Kuna linaloletwa muidhinishe, yaani bila ninyi halifanyiki. Kuna lililokwishafanyika na linaletwa mliridhie ili liwe na baraka ya bodi. Na kuna ambalo bodi haina mamlaka nalo kabisa, inapendekeza tu kwa mkutano mkuu, mfano kwenye taasisi nyingi mkaguzi wa nje anateuliwa na mkutano mkuu na bodi kazi yake ni kupeleka jina.

Kiswahili chetu cha ofisini kina sentensi moja inayomeza ngazi zote hizo: "Wajumbe wanaombwa kupokea, kujadili na kutoa maelekezo". Tunaipenda, ina heshima, inakaa vizuri mwisho wa kila waraka. Shida yake ni kwamba ukiiweka kwenye waraka wa gari na ukaiweka pia kwenye taarifa ya fedha, mjumbe haoni tofauti, anajadili taarifa ya fedha kama vile kuna kitu cha kupitisha halafu likija gari anasema tumeshachoka tulilete kikao kijacho. Ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku kwenye makabrasha ya bodi, au ibaki kwa yale mambo ambayo kweli yanahitaji vyote vitatu.

Kitenzi cha kuangaliwa kwa makini zaidi ni kuridhia. Bunge linaporidhia mkataba ni kuupa nguvu baada ya serikali kuusaini, na hiyo ndo maana tunayoitaka. Ila mtaani kuridhia ni kukubali tu. Kwenye mfano wetu, jambo la 7 ni mkataba wa pango la ofisi ambao mwenyekiti alisaini mwezi Mei kati ya vikao kwa sababu mwenye nyumba alitoa siku chache. Ukiandika "Kuridhia mkataba wa pango", mjumbe anaweza kuanza kupendekeza kodi ipunguzwe, kumbe mkataba umesainiwa na watu wameshahamia. Andika "Kuridhia uamuzi uliokwishafanyika: mkataba wa pango uliosainiwa na mwenyekiti mwezi Mei". Hapo mjumbe anajua swali lililobaki ni kama mwenyekiti alikuwa na haki ya kusaini na kama bodi inasimama naye.

Halafu kuna kile kitenzi cha Kiingereza "table", kinachotokana na neno meza. Mwingereza akikitumia anamaanisha tulilete jambo mezani tulijadili. Mmarekani akikitumia anamaanisha tuliweke kando tusilijadili sasa. Bodi yetu ina mtu wa London na mtu wa Marekani, kwa hiyo kikitokea kwenye waraka usikisie, mpigie aliyeandika umuulize, leo au siku nyingine? Kisha uandike moja kati ya "kuwasilishwa" na "kuahirishwa".

Nikiyaweka yote pamoja, ajenda ya Tanga naiandika hivi. Kila mstari una saa ya kuanza, dakika, jambo, halafu kazi ya mjumbe:

Saa 5:00, dakika 5. Jambo la 1: Dua, kufungua, akidi, kukubaliana na orodha, kutangaza mgongano wa maslahi. KAZI: mwenye maslahi kwenye jambo lolote aseme hapa.
Saa 5:05, dakika 5. Jambo la 2: Muhtasari wa kikao cha Machi. KAZI: KUAMUA, kuuthibitisha.
Saa 5:10, dakika 10. Jambo la 3: Yatokanayo. KAZI: kupokea taarifa.
Saa 5:20, dakika 15. Jambo la 4: Fedha za robo mwaka. KAZI: kupokea taarifa na kuuliza maswali, hakuna uamuzi.
Saa 5:35, dakika 30. Jambo la 5: Kununua gari. KAZI: KUAMUA, kuidhinisha au kukataa.
Saa 6:05, dakika 20. Jambo la 6: Rasimu ya sera ya manunuzi. KAZI: kutoa maoni, uamuzi ni kikao cha Septemba.
Saa 6:25, dakika 10. Jambo la 7: Mkataba wa pango uliokwishasainiwa. KAZI: KUAMUA, kuridhia.
Saa 6:35, dakika 20. Jambo la 8: Kikao cha ndani, wajumbe pekee, mkurugenzi na watumishi wanatoka. Mkataba wa mkurugenzi. KAZI: KUAMUA, kuongeza au kutoongeza.
Saa 6:55, dakika 5. Jambo la 9: Mengineyo na kufunga. Mwisho saa 7:00 mchana.

Jumlisha dakika, zinatoka 120, yaani saa mbili kamili. Hii hesabu fanya kila mara hata kama asili ya Kiingereza imetoka kwa mtu makini, kwa sababu mara nyingi ajenda inarekebishwa dakika za mwisho, jambo moja linaongezewa dakika kumi na hakuna aliyepunguza pengine, na wewe mtafsiri ndo mtu wa kwanza kuisoma mstari kwa mstari. Ukikuta 130 usirekebishe kimyakimya, mrudishie katibu.

Saa ya kuanza kila jambo kwenye asili haikuwepo, zilikuwepo dakika tu. Naiongeza (kwa ruhusa ya katibu) kwa sababu mjumbe anayejua lazima aondoke saa sita na nusu anaona hapohapo kwamba atakosa mkataba wa mkurugenzi, na huenda akidi ikavunjika kwenye uamuzi mkubwa. Ila hakikisha unajua dakika 30 za gari zinahesabiwaje. Kama ndani yake kuna dakika 5 za maelezo, 20 za mjadala na 5 za kuandika azimio, iandike hivyo kwenye waraka, vinginevyo mwasilishaji wetu atachukua zote thelathini akianzia historia ya usafiri wa asasi tangu ilipoanzishwa.

Na hii inahusiana na ile sentensi ya Kiingereza kwamba waraka utahesabiwa umeshasomwa. Tafsiri ya neno kwa neno, "utachukuliwa kama umesomwa", haimwambii mtu kitu. Kinachotakiwa ni agizo: "Waraka huu hautasomwa kikaoni. Tafadhali uje umeshausoma, muda wote ni wa maswali". Bila agizo hilo taarifa ya fedha itasomwa kwa sauti, ndo mazoea ya vikao vingi, na dakika 15 zinaisha kabla hatujafika kwenye matumizi.

Sasa waraka wa gari wenyewe. Kwenye asili, ombi liko aya ya mwisho, sentensi moja ndefu yenye masharti manne. Tafsiri niliyokuta watu wakiifanya kwa nyaraka za namna hii ni "Bodi inaombwa kujadili na kuridhia suala la ununuzi wa gari kulingana na hali ya fedha". Masharti yote yameyeyuka humo. Mimi ningelipandisha juu kabisa ya waraka, chini ya kichwa "Uamuzi unaoombwa", na kulivunja:

"Bodi inaombwa kuidhinisha ununuzi wa pikapu moja iliyotumika, kwa bei isiyozidi shilingi milioni 65 pamoja na kodi na usajili. Fedha zitoke kwenye akiba. Idhini hii ni kwa sharti kwamba taarifa ya jambo la 4 inaonyesha akiba itakayobaki inatosha matumizi yasiyopungua miezi mitatu. Bodi inawakasimu mkurugenzi pamoja na mweka hazina kuchagua muuzaji kati ya wale watatu walioleta bei. Bodi ikikataa, asasi itaendelea kukodi gari hadi Desemba."

Angalia "isiyozidi". Ukiandika "hadi milioni 65" watu wanaisoma kama bei, kwamba gari ni milioni 65. Isiyozidi haina mjadala. Yasiyopungua ni hivyohivyo kwa upande wa chini. "Pamoja na kodi na usajili" haikuwa wazi kwenye asili, ilibidi kuulizwa, na jibu lake ni pesa nyingi, kwa hiyo usiogope kumsumbua aliyeandika. Lile sharti nalo limebeba mpangilio: jambo la 4 lazima litangulie la 5, mwenyekiti akitaka kuanza na gari kwa sababu muuzaji yuko nje anasubiri, sharti linakuwa halina cha kushika. Hili liandike kwenye ajenda yenyewe, mstari mmoja chini ya jambo la 5: "Lisijadiliwe kabla ya jambo la 4".

Na "mkurugenzi pamoja na mweka hazina" maana yake wawili kwa pamoja. Ukiandika "mkurugenzi au mweka hazina", au ukaweka ule mkwaju katikati, umempa mtu mmoja mamlaka ambayo bodi haikuombwa kuyatoa. Siku mkaguzi akija ataomba azimio kama lilivyoandikwa, na kama azimio limeandikwa kwa Kiswahili kutoka kwenye tafsiri yako basi ndo hilo.

Kabla ya kutuma nahesabu maneno KUAMUA. Kwenye ajenda yetu yako manne, la 2, 5, 7 na 8. Asili nayo lazima itoe manne. Yakitofautiana kuna mahali nimelainisha kitenzi. Kisha naomba mjumbe mmoja ambaye hajaiona asili anisomee kwa simu, namuuliza tunaanza saa ngapi, gari tunalijadili au tunaliamua, na ukiondoka saa sita na nusu unakosa nini. Namuuliza akiwa na simu mkononi makusudi, kwa sababu wajumbe wengi watasomea WhatsApp, na lile jedwali zuri la kwenye kompyuta likifika kwenye simu safu ya KAZI inakatika pembeni hakuna anayeiona. Ndo maana nimeandika mistari badala ya jedwali.

Limebaki la mabadiliko. London wakisogeza jambo Jumatano jioni, usitume kipande cha kubadilisha peke yake, tuma ajenda nzima upya yenye "Toleo la 2, Jumatano 11 Juni, saa 2 usiku" juu yake, na mstari mmoja unaosema nini kimebadilika: "Jambo la 6 limepunguzwa kuwa dakika 10, la 8 limeongezwa kuwa dakika 30 na sasa linaanza saa 6:25. Jambo la 7 sasa linaanza saa 6:15". Halafu kwenye grupu futa lile la kwanza, kama bado muda wa kufuta haujapita.